Vipandio Kumi na Sita

Nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa nyumba ya ghorofa Kayole, miaka ya tisini. Mwenye nyumba, mzee mstaafu wa reli, alitaka ngazi yenye vipandio kumi na vinne ili duka la chini liwe pana. Mimi nilitaka kumi na sita. Yeye na mkewe wangeishi juu, na maji wangeyapandisha kwa mitungi.

Toka sakafu hadi sakafu ni sentimita 280. Vipandio kumi na vinne vina kimo cha ishirini kila kimoja, na unyayo unapata ishirini na mbili tu. Kumi na sita vina kimo cha kumi na saba na nusu, unyayo ishirini na tano. Mafundi hujumlisha kimo mara mbili na nafasi ya unyayo, wakitafuta kama sitini, hatua ya kawaida ya mtu. Vyake vilifika sitini na mbili, kwa hiyo hesabu peke yake haikumkataza. Nikaomba tujaribu kwa miguu.

Seremala alipanga mbao juu ya mawe, vipandio vitatu kwa vipimo vya mzee. Mama, mke wa mzee, alipanda na mtungi wa lita ishirini vizuri tu. Kushuka, akageuka ubavu.

“Mbona unatembea kama kaa?” mzee akamuuliza.

“Shuka wewe, baba watoto, uone kisigino kinakaa wapi.”

Akashuka. Nusu ya kiatu ilibaki hewani.

Tukapanga vipimo vyangu. Mama akapanda, na kwenye kipandio cha tatu akajikwaa, maji yakamwagika.

“Fundi, ngazi yako imemwangusha bibi yangu,” mzee akacheka.

Nikapima. Seremala alikuwa ametia kabari nene, kimo kikawa kumi na tisa na nusu. Sentimita mbili tu, lakini mguu ulishajifunza kutoka viwili vya kwanza, ukainuka kiasi kile kile. Tukasawazisha. Mama akapanda na kushuka akiongea nasi, macho hayako miguuni.

Mzee alitazama kamba iliyoonyesha ukuta wa duka. “Duka linapoteza ngapi?”

“Sentimita themanini na tisa.”

Aling'oa kigingi mwenyewe, akakisogeza. Kisha akasimama mbele ya alama za vipandio nilizochora ukutani. “Hebu nielewe. Ile saruji ya sentimita tano mtakayomwaga sakafuni, chini na juu, haitameza kipandio cha kwanza?”

Nilikuwa nimepima kutoka zege tupu. Cha kwanza kingebaki kumi na mbili na nusu, cha mwisho, sakafu ya juu ikipanda, kingefika ishirini na mbili na nusu, pale pale ambapo mtu na mtungi wake huwa amechoka.

“Itameza, mzee,” nikasema, nikaanza kufuta chaki.