Shilingi Sitini kwa Safari

Mkwe wangu, kabla hajawa mkwe wangu, alikuwa na ekari mbili za chai karibu na Silibwet, ng'ombe wanne, na tabia ya kuuliza maswali mafupi. Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikiwa na viatu vya kuazima na habari njema. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza, nami nilikuwa nimeacha kuhesabu makasha ya chai kwenye kiwanda cha shamba ambako wazazi wangu walikuja kutoka Kisii kuchuma majani. Kampuni moja ya malori mjini Kericho ilikuwa imenichukua kuwa taniboi, msaidizi wa dereva.

"Chamgei," nikamsalimu.

"Chamgei mising. Wanakulipa ngapi?"

Sikuwa nimekaa hata kwenye kiti.

"Sitini kwa safari, mzee. Kericho mpaka Mombasa na kurudi. Tunashuka na chai, tunapanda na mbolea."

Nilitamka sitini polepole ili binti yake, aliyekuwa anamimina maziwa chumba cha pili, aisikie vizuri.

"Safari ni siku ngapi?"

"Tano, mzee. Sita zikizidi. Kwa mwezi ni safari tano. Shilingi mia tatu!"

Mzee alikunywa chai yake yote kabla ya kunijibu. Akasema, "Nenda moja. Ukirudi, kuja unihesabie tena."

Nilitoka nikiwa nimeudhika kidogo. Nilimwona kama mtu asiyejua mambo ya lami.

Dereva wangu alikuwa Mkamba mnene, mcheshi, aliyeimba nyimbo za kanisa kila lori lilipopanda mlima na kunyamaza kabisa lilipoteremka. Kazi yangu ilikuwa kukaza kamba na turubai, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu tukisimama, na kulinda makasha ili yafike yote. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa Mombasa. Makasha yalipokelewa ghalani bila hata moja kuvunjika, nami nikajiona tajiri. Siku tatu tu! Kurudi ni tatu nyingine.

"Sasa mbolea," nikamwambia dereva.

Alicheka mpaka akashika usukani. "Mbolea iko ndani ya bandari, ndugu yangu. Kuitoa ni makaratasi. Tafuta kivuli."

Meli ilikuwa imeshashusha mbolea ya mashamba yetu, lakini lori haliingii getini bila pasi, na pasi haitoki mpaka kampuni ya kutoa mizigo ipitishe hati forodhani na kulipia bandari. Siku ya kwanza tukaambiwa kesho. Siku ya pili tukaambiwa kesho. Dereva alitandika mkeka chini ya lori akalala kama mtu aliyelipwa kulala. Hakuwa amelipwa. Sitini yangu ilikuwa ya safari, hata safari iwe ya wiki mbili, na chakula kilitoka mfukoni mwangu.

Siku ya tatu nikasema siwezi kuketi bure. Dereva alikubali kulinda lori, nikaenda asubuhi na mapema kwenye geti la bandari walikoitwa vibarua wa shifti. Tulikuwa umati. Wenye kadi za bandari waliitwa kwanza, mmoja mmoja, na idadi ilipotimia, msimamizi akafunga kitabu chake. Sisi wengine tulibaki tukitazamana kama wageni waliokosea harusi. Mtu mmoja akanielekeza kwenye maghala ya watu binafsi, ambako hawakuuliza kadi. Huko nikapata shifti moja ya kubeba magunia ya sukari, shilingi kumi mkononi ikiisha.

Mimi ni mtu wa baridi ya Kericho. Kufikia saa nne joto lilikuwa limeninyonya mpaka wabebaji wenzangu wakanibandika jina la Maji ya Uvuguvugu. Lakini ile noti ya kumi niliipenda. Ilikuja siku ileile, bila kesho. Asubuhi yake nikarudi mbio. Hakukuwa na mzigo. Na iliyofuata vilevile. Nikaelewa kwamba shifti ni nzuri sana siku ukiipata.

Siku ya sita dereva akanituma ofisini kwa wale watu wa kutoa mizigo, nikakae pale wasitusahau. Niliketi kwenye benchi mbele ya karani mmoja mwenye jasho na rundo la faili. Alikuwa amerudishwa na forodha mara ya pili na hakujua kwa nini. Alikuwa anasoma kwa sauti, kwa hasira, alama za magunia kutoka hati moja hadi nyingine. Mimi nilikuwa nimesoma alama za makasha ya chai miaka mitatu.

"Samahani, bwana karani," nikasema. "Hapo umesoma saba. Pale mwanzo ulisoma moja."

Akanitazama. Akatazama karatasi. Mtu wa taipu alikuwa amepiga moja mahali pa saba, na kwa sababu ya tarakimu hiyo moja, lori letu na mengine mawili yalikuwa yamelala juani. Akaruka kitini. Kesho yake mchana tukapata pasi na tukapakia magunia mia mbili.

Tulifika Kericho siku ya kumi na mbili. Meneja wa malori alikuwa amepigiwa simu na mashamba yote, na alitaka kujua mbolea ilichelewa wapi. Dereva alinisukuma mbele. Nikaeleza hati kwa hati, nani anangoja nani. Meneja akauliza, "Nani alikufundisha haya?"

"Benchi, bwana."

Akasema anatafuta karani wa kufuatilia mizigo, wa kupiga simu Mombasa na kupanga malori yasishuke kabla pasi hazijakaribia. Mia mbili na kumi kwa mwezi. Nikaomba siku mbili za kufikiri, maana kichwani mwangu mia tatu bado ilikuwa inang'aa.

Nikarudi Silibwet. Mara hii mzee alinipa kiti kwanza.

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili," nikasema, nikitazama sakafu.

"Sitini kwa siku kumi na mbili."

"Tano kwa siku."

"Ulikula?"

"Nilikula, mzee. Kama shilingi mbili kila siku."

"Basi ni tatu. Na shifti?"

"Kumi. Lakini nilipata moja tu."

"Na hii ya ofisi, hata Jumapili iko ndani? Hata lori likilala?"

"Iko ndani. Ni saba kila siku, na ninakula nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" akauliza binti yake kutoka chumba cha pili, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilichukua kazi ya mwezi. Tukafunga ndoa mwaka uliofuata. Sitasema sikuwahi kujuta. Kuna Desemba moja meli zilishusha haraka, hati zikapita kama maji, kwa sehemu kwa sababu yangu mimi mwenyewe, na dereva wangu akafanya safari tano kamili. Alikuja dirishani kwangu akiwa na redio mpya ya betri, akaiwasha kwa sauti ya juu kabisa. Niliandika vibaya kwenye daftari mara mbili mchana ule.

Januari mashine ya kupakulia iliharibika bandarini, malori yakakaa. Akaja tena, bila redio.

"Bwana karani," akasema kwa heshima kubwa, "huko ofisini hamhitaji mtu wa pili?"