Sikio la Kulia la Ekuru

Nyawal alijifunza ufundi kwa kuharibu. Redio ya kakake aliifungua mara tatu kabla haijakubali kufungika tena. Kufikia mwaka 2013 alikuwa na kibanda chake katika soko la kambi ya Kakuma, na wenyeji wa mjini nao wakimletea simu zao.

Asubuhi moja akaja Ekuru, Mturkana anayefanya kazi ya kuandika mahojiano yaliyorekodiwa. Alikuwa amebeba kompyuta na hedifoni yenye plasta sehemu mbili.

“Ejok, dada,” akasalimu kwa Kiturkana. “Hii waya imekatika. Inalia sikio moja tu.”

“Ejok. Plasta ni ya nini? Ilikuwa na kidonda?”

Nyawal aliichomeka hedifoni kwenye simu yake, akaweka muziki. Pande zote mbili zikalia. Akaukunja waya karibu na plagi, kisha pale unapogawanyika, ambapo huwa unakatika. Muziki haukukwama hata kidogo.

“Waya ni mzima. Wewe ndiye umeuuguza.”

Akachomeka hedifoni yake mwenyewe kwenye kompyuta ya Ekuru. Sasa ikalia kushoto peke yake. Basi kosa lilikuwa ndani ya kompyuta. Akaizima, akachokora tundu taratibu kwa kijiti cha meno. Vikatoka vumbi na nyuzi za pamba. Akaiwasha tena: kushoto tu.

“Uchafu ulikuwepo,” alisema, “lakini si huo.”

Akafungua mipangilio ya sauti. Kushoto mia, kulia sifuri.

“Nani alishusha hii?”

Ekuru akajishika sikio. Wiki mbili zilizopita sikio la kulia lilikuwa linamuuma, akaizima sauti ya upande huo. Sikio lilipona. Mipangilio akaisahau.

Nyawal alipandisha ya kulia, Ekuru akafungua mahojiano aliyokuwa akiyaandika. Kinasa sauti kilikuwa na maikrofoni mbili: ya mwulizaji upande wa kushoto, ya mwulizwaji upande wa kulia. Sauti ya Nakuleu, bibi mmoja wa Lorugum, ikaanza kueleza ukame, ngamia na ndoa zake mbili, bila kupumua.

Ekuru akaisimamisha sauti.

“Kuna nini?” Nyawal akauliza.

“Kila swali nimeandika: mama amenyamaza. Ofisini wanasema ni mkaidi. Mkubwa wangu alitaka kumpelekea mtu wa kumbembeleza.”

Nyawal alicheka mpaka jirani yake muuza chai akaja kuuliza. Akaelezwa, naye akacheka.

“Ndugu yangu,” Nyawal akasema, “huyo mama ameongea saa nzima. Wewe ndiye ulimfunga mdomo.”

Ekuru aliandika upya siku nne, kurasa thelathini na moja. Katika ukurasa wa kumi na mbili bibi alisema vijana wa siku hizi hawasikilizi. Aliuandika mstari huo kama ulivyo, akamwonyesha Nyawal, akamwomba asimsomee mtu.

Nyawal alimsomea muuza chai.