Wafuasi Wanne wa Mwisho

Dada yangu ni fundi cherehani, na kidole chake kimoja hakikunjiki. Shemeji alikivunja kwa pasi, siku ileile aliyoponda simu yenye wateja wake wote wa mtandaoni. Akaja kwangu mdomo umevimba. "Mdogo wangu," alisema, "naanza na sifuri."

Akafungua akaunti mpya kwa jina jingine. Uso hauonekani, ni mikono tu. Mfuasi wa kwanza nilikuwa mimi. Mtandao ule haukuruhusu kwenda laivu kabla ya wafuasi elfu moja, na yeye alitaka kuuza magauni laivu apate chumba chake. Mwezi wa kwanza wafuasi kumi na tisa. Mimi subira sina, nikamwambia tununue elfu moja tumalize kazi. Akanikata jicho.

"Wa kununua hawaangalii video. Isipoangaliwa, mtandao hauisambazi. Nijikabe koo mwenyewe?"

Basi kila siku video moja fupi: zipu imekwama, unaiona tangu sekunde ya kwanza, nusu dakika imepona. Ukimuuliza swali, video ya kesho ndiyo jibu lako. Haba na haba, mwezi wa tano tukafika mia tisa tisini na sita. Pakagoma siku mbili.

Alishanionya ndugu yeyote asijue. Lakini wanne tu jamani! Nikarusha kiungo kwenye kundi la binamu zetu. Jioni tukawa elfu moja na mbili, nami nikajiona mjanja. Binamu mmoja akampelekea shemeji. Nilikuwa nimemwapia shemeji kwamba dada hayupo kwangu, naye akalitambua pazia langu nyuma ya cherehani kwenye video.

Jumamosi mchana dada akaenda laivu. Watazamaji arobaini. Shemeji akauvunja mlango kwa teke, akamshika nywele, akamgongesha uso kwenye meza ya cherehani mara mbili, mara tatu. Nikampiga kwa stuli. Akanitoa jino kwa ngumi moja. Dada, damu inamchuruzika puani, akaitajia simu mtaa na namba ya nyumba.

Wakaja wanawake watatu tusiowajua, wafuasi wanaokaa jirani. Mmoja bado ameshika sindano na uzi. Walimpiga shemeji kwa stuli, kwa pasi, kwa mateke, mpaka mkono wake ukavunjika ka! kama kuni kavu. Sikuwazuia, na sijuti. Polisi walimbeba.

Jioni wafuasi walikuwa elfu nne. Nikashangilia kwa mdomo wenye pengo. Dada akaifuta ile laivu.

"Hao wamekuja kuangalia napigwa," alisema. "Nani alimwonyesha akaunti?"

Nikamwambia ni mimi. Laiti angenizaba kofi. Alichukua simu, akashuka kwenye orodha ya wafuasi hadi chini kabisa, akanitoa.