Kabla Duka la Sweta Halijafunguliwa Mtandaoni

Mteja wangu alikuwa mama mmoja wa Mbale anayefuma sweta za shule kwa mashine. Duka lake lilikuwa katika jengo ambalo mwenye jengo alikuwa ameamua kulibomoa, na wapangaji wote walipewa notisi ya kuhama. Kodi ya pahali pengine mjini haikuwa nafuu, kwa hiyo mashine zake za kufumia alizihamishia sebuleni kwake Nabuyonga, katika kichochoro ambacho mzazi anayetafuta sweta hawezi kupita hata kwa bahati mbaya. Ndipo akaniita mimi, Mkenya niliyeolewa Jinja, ninayetengeneza tovuti za maduka madogo nikiwa nyumbani Nalufenya.

Nilikwenda Mbale Jumamosi ili tukague pamoja kabla ya kufungua. Padri wao alikuwa amekubali kutangaza anwani ya tovuti kanisani Jumapili, baada ya misa, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wazazi wakinunua kwingine wiki hiyo, hawangemhitaji tena hadi mwaka mwingine.

Nina orodha yangu ya ukaguzi. Kwanza HTML yenyewe, lugha inayoujenga ukurasa: vichwa vimepangwa, kila kisanduku cha fomu kina jina lake, kila picha ina maelezo. Kisha mitindo: rangi zinasomeka, hakuna kinachovuka ukingo wa kioo. Halafu simu, halafu kibodi bila kipanya, mwisho mtandao wa polepole. Vichwa na fomu nilivimaliza nikinywa chai. Maandishi ya kijivu kwenye rangi ya maziwa niliyakoleza. Kwenye simu, jedwali la saizi za sweta lilikuwa pana mno, likawa linausukuma ukurasa wote pembeni. Nikaliweka lijisogeze lenyewe ndani ya kisanduku chake. Mama alifurahi. Mimi pia nilidhani tumefika.

"Sasa mwite mzee ajaribu," nikasema.

Mumewe alikuwa askari wa magereza aliyestaafu. Majirani wote walimwita afande, nami nikamwita hivyo hivyo. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia, na tangu hapo, mama aliniambia kwa sauti ya chini, alikuwa mtu wa kulala akitazama ukuta. Habari ya tovuti ndiyo iliyomwinua. Yeye ndiye angepokea oda huku mkewe akifuma. Siku hiyo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Kipanya hakikumfaa, kilimponyoka mkononi. Nikamwonyesha kitufe cha Tab, kwamba kila akibonyeza, ukurasa unamsogeza hatua moja, na akifika anapotaka abonyeze Enter. Nilikuwa nimeweka oda ya kujaribia. Alichotakiwa kufanya ni kufika kwenye "Kubali oda".

Akabonyeza kwa kidole cha kushoto. Hakuna kilichoonekana. Akabonyeza tena, na tena, polepole, akinitazama.

"Mimi iko wapi sasa?" akauliza.

Nikafungua faili ya mitindo. Mtindo niliouchukua kwa mtu mwingine ulikuwa umefuta ule mstari unaozunguka kitu ulichokifikia, kwa sababu wengine huuona mbaya. Akaendelea. Ghafla ukurasa ukaruka hadi chini kabisa, kwenye kiungo cha mawasiliano. "Kubali oda" ilikuwa imepitwa kana kwamba haipo. Kwa macho kilikuwa kitufe. Ndani ya HTML kilikuwa kisanduku kitupu kilichopakwa rangi, kinachosikia kubofya kwa kipanya tu. Tab haikitambui kitu kama hicho.

"Afande, kosa si lako," nikasema. "Ni ukurasa."

"Hapana. Hata mashine inaona mimi si mtu wa kazi." Akainuka, akashika ukuta, akaingia chumbani. Tukasikia kitanda kikilia.

Mama alichukua simu akampigia dada yake wa Busiu, anayeuza ndizi kando ya barabara ya Tororo, amwambie aifungue tovuti. Nadhani alitaka tu kusikia habari njema kutoka mahali fulani. Aliweka spika.

"Nyeupe," dada yake akasema. "Inazunguka tu. Nyeupe."

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja. Mteja wa ndizi ameondoka, bado nyeupe."

Nikakiamuru kivinjari kijifanye kiko kwenye mtandao dhaifu, nikafungua upya, nikaona alichokiona yeye. Juu kabisa ya ukurasa nilikuwa nimeweka skripti, maagizo ya kupitisha picha moja baada ya nyingine, inayoletwa kutoka seva ya mbali, na kivinjari hakichori kitu chini yake mpaka iwasili. Nyuma yake zilikuja picha za sweta kama zilivyotoka kwenye kamera, nzito, na mwandiko wa kupendeza ambao nao ulipaswa kupakuliwa.

"Mama, tumwombe padri aahirishe," nikasema.

"Aahirishe mpaka lini, dada? Jumatatu wanavunja duka. Watu watakuja kutafuta, watapata vumbi." Akaketi kwenye kiti cha mashine akafunika uso kwa sweta ambayo haijaisha. Alilia bila sauti, mabega tu.

Nikafanya kazi kama mtu anayezima moto. Onyesho la picha nikaling'oa pamoja na skripti yake. Mwandiko wa kupendeza nikautupa, nikatumia ule ambao simu inao tayari. Picha nikazipunguza upana, nikazibana, na zile za chini nikaziambia zisubiri mpaka msomaji azifikie. Kila kisanduku kilichojifanya kitufe nikakigeuza kuwa kitufe cha kweli. Mstari wa kuzunguka nikaurudisha, mnene, wa buluu iliyokoza. Ukurasa ulibaki mtupu kidogo, kama nyumba iliyotolewa mapazia, na mama alipouona alisema tu, "Umekuwa maskini."

Dada wa Busiu alipiga simu jua likielekea kuzama. Maandishi na bei alikuwa ameviona. Picha zilikuwa zinakuja moja moja.

Nilibisha mlango wa chumba nikiwa na kompyuta mkononi. Afande hakugeuka. Nikaiweka kitandani karibu na mkono wake wa kushoto nikakaa sakafuni. Baada ya muda nikasikia Tab ikibonyezwa. Kisha Tab tena. Mstari wa buluu ulitembea kutoka jina la mzazi hadi saizi, hadi rangi, ukasimama kwenye "Kubali oda". Akabonyeza Enter.

"Imekubali," akasema. Hakutabasamu. Aliniomba niweke oda nyingine ya uongo, halafu nyingine.

Padri alitangaza. Jumatatu duka likavunjwa, nami nikiwa Jinja nikawa naufungua ukurasa wa oda kila nikipumua. Ulikuwa mtupu, siku ile na iliyofuata. Mama hakupokea simu zangu, nikajua amenichoka. Siku ya tatu ndipo akapiga mwenyewe, sauti imekauka, akaniambia wazazi wengi hawajazi fomu: wanasoma bei, wanashuka mpaka chini kutafuta namba ya simu, wanapiga. Simu yake haikuwa imenyamaza tangu Jumatatu, na ni mashine moja tu iliyokuwa ikifanya kazi, nyingine imevunjika sindano.

"Namba weka juu," akasema. "Na fomu usitoe. Mzee anaamka kwa ajili yake."

Nikaipandisha namba juu, nikaifanya kiungo cha kupiga, nikajaribu kwa Tab kabla ya kuifunga kompyuta.