Dola Mia Nane za Masomo Yangu

Nilikuwa na kiburi cha kalamu, wacha niseme mapema. Likizo ya mwisho kabla ya mtihani wa serikali nilirudi Kamina kutoka shule ya bweni, kitabu cha hesabu za ubia kwapani. Niliwakuta baba na mbia wake, mzee mstaafu wa reli, wameshika tama. Mashine yao ya kusaga mahindi ilikuwa imekufa injini. Muuza vipuri mmoja alikuwa tayari kuingia ubia na dola 2,400, ila kwanza aone hesabu.

"Mutoto yetu njo anasomea ile," baba akasema, meno yote nje.

Nikaketi juu ya gunia, baba, mzee na muuza vipuri wananitazama. Mtaji: mzee wa reli 3,000, baba 1,000. Faida ya mwaka 1,600. Walikuwa wamepatana kila mmoja apate kwanza riba ya asilimia kumi ya mtaji wake, yaani 300 na 100, kisha zile 1,200 zinazobaki wagawane sawa. Mzee 900, baba 700. Aa, nilijiona bingwa!

Yakaja matumizi binafsi. Mzee alikuwa amechukua 900 zake kamili. Unga wa nyumbani kwetu ulihesabiwa ukutani kwa mistari ya mkaa: dola 300. Na daftarini, dola 800 za masomo yangu. Kitabu kilisema anachochukua mbia kwa ajili ya nyumba yake ni matumizi yake, nami nikaandika hivyo bila kumuuliza mtu. Baba alikuwa amechukua 1,100 kwa haki ya 700: amezidisha 400.

Mzee wa reli alikohoa, akatazama chini. Baba alimtazama, kisha akanigeukia mimi bintiye, akasema, "Andika, mama. Kitabu iko sawa."

Zile 400 zikakatwa kwenye mtaji wake, ukabaki 600. Muuza vipuri akaingia, wakapatana faida sasa ifuate mtaji: tano kwa mzee, nne kwa mgeni, moja kwa baba. Mwaka huo swali la ubia lilitoka katika mtihani. Nilifaulu. Baba, kwa fungu lake moja, akarudi kwenye jembe.

Mzee alinieleza ukweli siku ya matanga ya baba, akilia. "Ile franga ya masomo, ile dola mia nane, tulipatana mashine njo italipa. Baba yako aliningojea niseme. Nilinyamaza."

Nikachukua karatasi palepale. Toa 800 kama gharama ya mashine: faida inabaki 800. Riba 400, baki 400, mia mbili kila mmoja. Baba 300, unga wake 300. Hadaiwi hata senti. Mzee 500, naye alichukua 900: aliyezidisha 400 alikuwa yeye.

"Na baba, kwa nini hakusema?" nikauliza.

"Nilimuuliza," mzee akajibu. "Alisema, mutoto alikuwa anaandika mbele ya mugeni. Hakutaka uonekane umekosea."