Mmoja Kati ya Mafundi Watatu

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu haujawahi kulala njaa. Mteja akileta kitambaa cha mita mbili akitaka gauni la mita tatu, namwambia aende akapungue kwanza. Watu hucheka, hulipa, hurudi. Kwa hiyo nikisema kwamba niliishi mwaka na miezi minne kwa woga, wengi hawataniamini. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Woga ulianza na utafiti. Watafiti walikuja kijijini kupima homa ya ini, ile aina ya B, wakamwajiri wifi yangu, dada wa mume wangu, apite nyumba hadi nyumba na maswali yake. Alipita mpaka watu wakamwita Mama Dodoso. Kila mlango alisoma fomu ya ridhaa neno kwa neno: unashiriki kwa hiari, unaweza kujitoa wakati wowote, jina lako halitatajwa popote. Alivyo mkali wa utaratibu, alinisomea hata mimi, wifi yake, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Nikatia saini, nikatolewa damu.

Majibu hakuyaona yeye. Muuguzi alimwita kila mtu peke yake chumbani. Yangu yalisema ninavyo virusi. Muuguzi alinieleza vizuri, sina cha kumlaumu: siumwi, nipimwe kila baada ya miezi sita, sitamwambukiza mtu kwa sahani wala kwa kushikana mikono, bali kwa damu na kwa unyumba. Binti yetu alichanjwa utotoni. Mume wangu hakuwahi kuchanjwa. "Mlete apimwe," muuguzi akasema, "akiwa salama achanjwe, sindano tatu tu."

Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu mimi ni mzima kama chuma.

Najua, najua, mficha maradhi kifo humuumbua. Msinisomee methali, nimezikariri. Lakini mama mkwe wangu aliwahi kumtengea jirani kikombe kwa sababu ya kikohozi tu, tena kikohozi cha vumbi! Mimi angenitengea nini? Na mume wangu ni mtu wa kunyamaza; hujui kama amekasirika au ana usingizi. Niliogopa ule ukimya wake kuliko ugonjwa wenyewe. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo haikuisha kuja.

Alhamisi moja asubuhi wifi akaingia kibandani kwangu na bahasha ya kaki. Akaketi kwenye kiti cha wateja bila hata kunitania, nikajua kuna jambo.

"Barua ya matokeo imefika," akasema. "Itasomwa mkutanoni Jumamosi. Sikiliza."

Akasoma. Tunawashukuru nyote mia tatu na kumi na wanane mliokubali kushiriki, na viongozi wenu waliotupokea. Ishirini na wawili walikutwa na virusi, kama watu saba katika kila mia. Ugonjwa hauenezwi kwa kula pamoja. Chanjo inapatikana zahanati. Barua nzuri, lugha nyepesi, hata mtoto angeielewa. Halafu akaigeuza karatasi, akanionyesha jedwali kwa kidole.

Wakulima 201, wenye virusi 13. Wafanyabiashara 74, wenye virusi 6. Walimu 40, wenye virusi 2. Mafundi cherehani 3, mwenye virusi 1.

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali. Cherehani ikaenda yenyewe, ikashona mkono wa shati juu ya mfuko.

"Ni sisi wenyewe tuliomba," wifi akasema. "Mkutano uliopita watu walisema matokeo yagawanywe kwa kazi, ili kila mtu ajue kundi lake. Ofisini wakagawa, hawakukumbuka kwamba kijiji kizima kina mafundi watatu. Jina halimo, lakini jina la nini tena? Wifi, sikuulizi kitu. Kazi yangu hainiruhusu kuuliza. Ila niliahidi mlangoni kwa mdomo wangu huu."

Nikamwomba maji ya kunywa, nikajimwagia kifuani.

Akapiga simu mbele yangu. Mtafiti mkuu akapokea, akasikiliza, nikamsikia akisema, "Mungu wangu." Akaagiza barua ile isisomwe wala isibandikwe, nakala ya ofisi ya mwenyekiti ichukuliwe mara moja. Angeleta nyingine kabla ya mkutano, mafundi wakiwa wameunganishwa na wafanyabiashara: 77, wenye virusi 7. Kundi dogo vile halikupaswa kuachwa peke yake, akasema, na akaomba radhi.

Nilishusha pumzi. Nikaanza hata kufumua ule mkono wa shati.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Basi hakuna aliyeiona."

"Hakuna, isipokuwa wenzako wawili," wifi akajibu. "Nimeanza kwao alfajiri, nikawaonyesha, nikawaomba msamaha. Haki yao kujua. Wewe nimekuacha mwisho maana ni wa nyumbani."

Jamani! Huyu mtu na utaratibu wake! Nilitaka kumrushia mkasi. Yeye alikuwa ananitazama kwa macho safi kabisa, amefanya wema, anasubiri shukrani. Hakuwa ameona kwamba kila fundi anayajua majibu yake mwenyewe, na kwamba wawili wakikaa pamoja dakika moja wa tatu hana pa kujificha.

Siku mbili zile sikushona kitu cha maana. Kila kivuli kikipita mlangoni niliinua macho nikidhani ni mwenzangu mmojawapo. Wenzangu ni Fundi Suti, mzee wa heshima zake, na shoga yangu wa kibanda cha pili, ambaye tumeazimana chaki, uzi na sindano miaka tisa.

Jumamosi mkutano ukaenda vizuri kupita kiasi. Wifi alisoma barua mpya kwa sauti ya redio, watu wakapiga makofi, mmoja akauliza kama mbu anaambukiza, akajibiwa hapana, tukatawanyika. Shoga hakukaa na mimi. Nilimwona safu ya mbele, karibu na Fundi Suti.

Mchana akanifuata nyumbani. Akasimama uani, hakutaka kiti.

"Mimi na Fundi Suti tumeonyeshana karatasi zetu za majibu," akasema.

Nikanyamaza. Mimi, nikanyamaza!

"Ile sindano uliyoniazima mwezi wa tatu, ulikuwa umejichoma. Ilikuwa na damu, nikaifuta kwenye sketi nikaendelea kushona. Nami nikajichoma. Kwa hiyo Jumatatu naenda kupima tena."

"Nisamehe, shoga."

"Nimekuja na matusi yangu yote, njiani nikayapoteza." Akashusha sauti. "Mumeo anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi nimeogopa siku mbili, sijala, lakini Jumatatu nitajua moja. Yeye unamlaza pembeni yako kila siku, na hata nafasi ya kuogopa hujampa."

Akaondoka bila kuaga. Mume wangu alikuwa bafuni anaoga, anapiga mluzi kama kawaida yake. Nilijua nikingoja atoke, nikaona uso wake, nitasema nimekuja kuchukua ndoo. Nikaenda nikasimama nje ya mlango wa bati.

"Baba, mimi nina homa ya ini. Nimekuficha tangu siku ile ya majibu. Na wewe hujapimwa."

Mluzi ukakoma. Maji nayo yakakoma. Nikabaki pale nimeshika bati kwa mikono miwili, nikimsubiri aseme neno, lolote lile.