Skwea Iliyonidanganya

Hakuna cha kunishangaza, ndivyo nilivyojiambia, mimi niliyejenga karakana Garissa bila kumaliza darasa la nne. Msikiti wa Iftin ulitaka milango kabla ya Ijumaa. Nikaunda kielekezo cha msumeno wa umeme: ubao mnyoofu juu ya plaiwudi nyembamba, na chini yake kipande cha kushika ukingo wa mlango, nilichokifunga kwa kufuata skwea, kipimo changu cha pembe mraba. Nikakata milango yote miwili.

Imamu akapima kona kwa kona kwa kamba. "Walaal, ndugu yangu fundi, mlango wako umesujudu upande."

Nikachora mstari kwa skwea, nikaigeuza, nikachora tena kutoka nukta ile ile. Mistari ikaachana. Skwea niliyoiamini miaka yote ilikuwa imepinda. Kuikata tena ili kona zikae sawa kungeifupisha milango, kwa hiyo nikanunua mbao mpya: shilingi elfu mbili mia sita na arobaini.